Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kumwambia "nakupenda" mtu asiyesikia

MkeWaSeremala:
Wapendwa, leo kwenye daladala ya Buguruni nimeona kitu kimenirudisha nyuma miaka tisa. Vijana wawili viziwi, msichana na mvulana, wamenuniana. Mvulana anaomba msamaha kwa mikono, msichana kageukia dirishani. Abiria wanaona binti anaangalia barabara tu, ila mimi nilijua kamfungia mlango. Kwao ukigeuza uso umeziba masikio. Yule kijana alibaki na mikono hewani hadi kituo cha tatu.

Mimi nasikia, mume wangu ni kiziwi tangu utotoni, homa ya uti wa mgongo ilimwachia hivyo. Wakati wa uchumba tulikuwa tunaandikiana kwenye daftari. Nikasema hapana, "nakupenda" siiandiki, nitaisema kwa lugha yake. Rafiki yake akanifundisha: ngumi mbili, mikono inapishana kifuani, halafu unamnyooshea kidole. Wiki mbili nafanya mazoezi mbele ya kioo nikiangalia mikono yangu.

Siku yenyewe nikamfuata karakana. Nikapishanisha mikono sawasawa kabisa. Lakini nyie mnajua tunavyosema sisi tukizidiwa na hisia, "yaani wewe, nakupenda!", huku kichwa kinatikisika kushoto na kulia? Ndivyo nilivyofanya. Kumbe kwao kichwa kikitikisika vile sentensi nzima inakanushwa. Mikono ilisema nakupenda, kichwa kikasema sikupendi. Akaniuliza kwa alama, nyusi zimepanda juu, "Hunipendi?" Mimi nikadhani anauliza "kweli?", nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na tabasamu juu.

Akaweka randa chini, akachukua baiskeli, akaondoka. Siku tatu sikumwona. Rafiki yake ndiye aliyekuja kuniuliza kwa nini nimemkataa mwenzake huku nacheka.

Tuambiane na wengine. Ninyi ilikuwaje?

Kidundo:
Kichwa! Hapo hapo hata mimi niliumia. Sisemi zaidi.

BabaLao77:
Dada umehangaika bure. Alama ya nakupenda ni moja dunia nzima: dole gumba, cha shahada na kidole kidogo juu, viwili vya kati unakunja. Unamwinulia tu, anaelewa hata Mchina.

MtotoWaViziwi:
Mkuu, hiyo wengi wanaijua, ni kweli, lakini dunia nzima hapana. Hizo ni herufi tatu za Kiingereza zimepandishwa juu ya mkono mmoja: I, L na Y, kwa alfabeti ya vidole ya Wamarekani. Huku kwetu Kenya inaeleweka kwa sababu tahajia yetu ya vidole ni ya mkono mmoja na inafanana na yao. Uingereza wanaandika herufi kwa mikono miwili, kwa hiyo ile alama imewafikia ikiwa mgeni. Na angalia hilo dole gumba. Ukilikunja, zinabaki pembe mbili, na hapo hujasema chochote cha mapenzi.

Kikubwa ni kwamba hiyo ni salamu ya upendo. Wazazi wangu wote wawili ni viziwi. Wanaipunga kwa mgeni anayeondoka, kwa mwalimu, kwa kanisa zima. Baba hakuwahi kumwambia mama kwa hiyo wakiwa wawili.

BabaLao77:
Basi sawa, lakini mchumba wangu wa zamani alikuwa bubu na aliipenda.

Zawadi_Tabora:
Usimwite bubu tafadhali. Kiziwi. Ana lugha, wewe ndiye hukuijua.

BabaLao77:
Nimekua nikisikia bubu mtaani maisha yangu yote, hakuna aliyelalamika. Na hizo ni ishara, sio lugha.

MtotoWaViziwi:
Walilalamika kwa mikono, kaka, na hukuwa unaangalia. Kuhusu lugha, soma Katiba ya Kenya ya 2010. Lugha ya Alama ya Kenya imetajwa pamoja na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge.

Mama Rehema:
Mimi mume wangu naye ni wa ishara tupu. Miaka kumi na mbili hajawahi kutamka nakupenda, ila chungwa lazima animenyee. Hii nayo tuihesabu?

Kidundo:
Mama Rehema, hapa wanaongelea viziwi. Ila hongera kwa chungwa.

MkeWaSeremala:
Kuna aliyeniuliza pembeni mume wangu alirudije. Rafiki yake alituweka mezani, akamweleza kuhusu kichwa changu. Mume wangu akaomba nirudie, safari hii akanishika mashavu nisitikisike. Halafu akanionyesha yake. Mikono ileile, lakini inakuja taratibu, inajibana kifuani kama umekumbatia mtoto, inakaa pale. Macho yanafumba nusu, mabega yanapanda kidogo. Kisha akafanya tena haraka haraka, uso mkavu, akaonyesha sahani. Kumbe ile yangu ya kwenye kioo ndivyo anavyosema anapenda wali wa nazi.

Sisi tunasema nakupenda sana, sana, sana. Kwake hiyo "sana" hana haja ya kuitafutia alama, iko kwenye mwendo wa mikono na kwenye uso.

MtotoWaViziwi:
Umesema vizuri sana. Nikuongezee moja kuhusu nafasi, maana ndipo wanaosikia huteleza. Kuna alama zinazosafiri. "Kupa", kwa mfano: mkono ukitoka kwangu kwenda kwako, nimekupa, ukitoka kwako kuja kwangu, umenipa. Mwelekeo ndio unaosema nani na nani. Sasa "kupenda" haisafiri, imebanwa kifuani. Kwa hiyo "wewe" inabebwa na kidole na macho. Ukiangalia pembeni wakati mikono iko kifuani, umependa mtu wa pembeni.

Shemeji yangu anasikia. Alitaka kumwahidi dada yangu "nitakupa kila kitu", akavuta mkono kuelekea kwake mwenyewe. Dada akaelewa "utanipa kila kitu". Akamjibu kwamba hata mahari bado hajaleta.

Zawadi_Tabora:
Macho ndiyo kila kitu. Nakubaliana.

Nuru ya Ziwa:
Mimi ni kiziwi, mume wangu pia kiziwi. Nimesoma hapo juu "umependa mtu wa pembeni" nikashindwa kulala, acha niseme.

Mume wangu yuko Mwanza kikazi tangu mwezi wa tatu. Tunaongea kwa simu ya video kila usiku. Anashika simu kwa mkono mmoja, kwa hiyo alama za mikono miwili anazifanya kwa mmoja, na nusu ya mkono inakatika nje ya skrini. Nimezoea, naujazia uso wake. Mwezi uliopita siku moja ananiambia amenikumbuka, kisha mkono kifuani, nakupenda. Lakini macho yalikwenda kulia. Kidole pia hakikuja mbele kwenye kamera, kilikwenda kulekule kulia. Ilikuwa mara moja tu. Kisha akarudisha macho.

Miaka sita ya ndoa, huyu mtu hajawahi kuninyooshea kidole akakosa nilipo. Hata gizani anajua. Nikamuuliza, nani amekaa hapo? Akasema hakuna. Nikamwambia zungusha simu nione chumba. Akasema mtandao mbaya, picha ikaganda, akapotea. Aliporudi taa ya chumba ilikuwa imezimwa, inawaka ya skrini tu usoni. Tangu siku hiyo namwangalia kama mkalimani anavyoangalia mtu wa mahakamani. Nachoka.

Kidundo:
Eeeh. Pole dada. Hapo kuna mtu.

Zawadi_Tabora:
Kuna mtu kabisa. Panda basi kesho, usimwambie.

BabaLao77:
Msimvunjie mtu ndoa kwa sababu ya jicho! Kwenye simu ya video kuna picha yako mwenyewe ndogo kwenye kona. Hata mimi najiangalia pale. Huenda alikuwa anajitazama kama mkono umeingia kwenye picha.

MtotoWaViziwi:
Hapa BabaLao ana hoja, nakubali. Viziwi wengi hucheki kile kipicha kuona alama imeonekana au imekatika. Dada Nuru, kile kipicha kwenye simu yake kiko upande gani?

Nuru ya Ziwa:
Juu kulia kwenye simu yangu. Yake sijui. Lakini jicho nalielewa. Kidole je?

MtotoWaViziwi:
Kidole sina jibu.

Mama Rehema:
Mwanangu, muulize kwa upole. Mwanaume akibanwa husema uongo hata kama hana kosa.

Zawadi_Tabora:
Upole wa nini? Basi la saa kumi na mbili asubuhi.

Fundi Kimya:
Mimi ni kiziwi, kinyozi, Morogoro. Naona wanaosikia wanaongea sana kuhusu mikono. Tukiongea sisi, mikono naiona kwa pembeni ya jicho, naangalia uso. Mteja wangu mmoja amejifunza alama nyingi kuliko mke wangu, lakini uso wake haubadiliki. Kuongea naye ni kama kusoma barua ya benki. Mke wangu alama zake chache, nyingine mbovu, ila nyusi zake zinasema kweli.

Kuhusu giza: umeme ukikatika, wengine wanaendelea kuongea kitandani, sisi tunanyamazishwa. Mwanzoni tulikuwa tunawasha tochi ya simu, tunaiegemeza kwenye kikombe. Sasa ananishika mkono, anafanya alama ndani ya kiganja changu. "Kupenda" anachukua mikono yangu mwenyewe anaipishanisha kifuani kwake. Mwendo unausikia vizuri, kama ni taratibu au haraka. Uso ndio haupo, kwa hiyo hatugombani gizani. Ugomvi unasubiri umeme.

MtotoWaViziwi:
Fundi, umenikumbusha koroboi ya wazazi wangu. Nikiamka usiku wa manane nikaona mwanga chini ya mlango wao, nilijua wanaongea. Ukizimika, wamemaliza. Mchana baba akimwita mama alikuwa anagonga sakafu kwa mguu. Mara nyingi kwa nguvu, kuna jambo. Mara mbili taratibu, hana jambo, anataka tu ageuke amwone.

Kidundo:
Mimi nashauri wanaosikia waanze na kioo, wajifunze uso kwanza.

MkeWaSeremala:
Kioo ndicho kilichoniponza! Kioo hakikwambii kichwa chako kimesema nini. Tafuta kiziwi akuangalie.

BabaLao77:
Au mnunulie wali wa nazi yaishe. Na lile neno nimeliacha, Zawadi. Kiziwi.

Nuru ya Ziwa:
Narudi kuwaambia. Sikupanda basi. Jana nilimpigia, nikamwambia aegemeze simu ukutani, arudi nyuma hatua mbili, mikono yote iwe huru, kisha aseme tena.

Kasema. Macho yalikuwa kwangu, kidole kilikuja kwangu moja kwa moja. Mikono ilikuwa ya haraka.