Mrejesho: maji ya kuchanganyia chanjo ya surua

"Wakuu, mimi ni mratibu mgeni kazini. Kesho asubuhi tunazindua kampeni ya surua, na usiku huu nimekuta maji ya kuchanganyia chanjo yako stoo ya kawaida, yana joto. Nifanyeje?"

Asanteni sana, hasa dada aliyesisitiza nilinganishe mtengenezaji wa maji na wa chanjo. Usiku uleule tuliyaingiza kwenye friji ya chanjo, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu kwa sababu vichupa vikiganda hupasuka. Asubuhi yalikuwa na baridi ileile ya chanjo, tukaanza kwa wakati. Kituo kimoja kilikwama: maji yake yalikuwa ya mtengenezaji mwingine, tukakataa kuyatumia. Yaliyo sahihi yalifika mchana. Baadhi ya wazazi walikuwa wameshaondoka, sasa tunawafuata majumbani.