Hina haikolei kwa baridi hii ya Mbeya, harusi ni Jumamosi, naombeni ushauri

Binti wa Uyole (Jumatatu, saa 2 usiku)
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpambaji, ndiyo naanza. Mekapu na hina nimejifunzia kwa marafiki, nawapaka bure, napiga picha, naweka stetasi. Sasa picha zimezaa matunda, nimepata bibi harusi wa kwanza wa kulipa na advansi nimeshapokea. Anataka maua mikononi hadi kwenye viwiko na miguuni, meusi tii. Tatizo hina yangu kwa baridi hii inaishia rangi ya chungwa, mtu anaonekana kama katoka kumenya maembe. Nichanganye na nini ikolee? Jibuni haraka, usingizi sina.

Sauti ya Kyela
Hongera mdogo wangu. Hujasema umemtoza ngapi. Wapambaji wapya mnajiua kwenye bei, unampamba bibi harusi, mama yake, mashangazi watatu, halafu unalipwa nauli ya bajaji. Mimi mke wangu alianza hivyo hivyo, kichenpati ya kwanza alirudi na sahani ya pilau.

Binti wa Uyole
Bei tulishaelewana kaka. Swali langu ni hina.

Fundi Mwanjelwa
Weka mafuta ya taa kidogo, bibi yangu alikuwa anafanya. Au nunua unga wa piko, kijiko kimoja kwenye bakuli la hina, inakuwa nyeusi ndani ya saa moja. Kama unaogopa mjaribu kidogo nyuma ya sikio, subiri masaa mawili, ukiona kimya endelea.

Mama Karafuu
Fundi, mafuta ya taa yaache kwenye kibatari. Na hilo la masaa mawili nitarudi kwako.

Binti, mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa Iringa, hina nachora tangu sijaolewa. Hina ya majani matupu haitoi weusi wa wino, iwe Tanga, iwe Mbeya. Inatoa kahawia iliyoiva. Kwenye kiganja ngozi ni nene kwa hiyo inakolea sana, ukipanda kwenye mgongo wa mkono inapungua, kwenye kiwiko inapungua zaidi. Sasa bibi harusi anayedai weusi tii mpaka kiwikoni kauona wapi? Hiyo picha nyeusi uliyomwonyesha ulipaka nini?

Binti wa Uyole
Ni hina mama. Nilichanganya tu kidogo.

Mama Karafuu
Na nini?

Binti wa Uyole
Unga wa piko, ule wa kopo dogo wa nywele. Kijiko kimoja tu, na hina ilikuwa nyingi. Wapambaji wote hapa mjini wanafanya, na picha ilitoka nzuri kuliko zote. Bibi harusi alichagua hiyo hiyo, nikimpaka chungwa atasema nimemtapeli. Kopo la piko nimeshanunua jipya. Nilitaka tu kujua kama kuna kitu kingine cha kuongeza.

Mzee wa Isyesye
Vijana wa sasa kila kitu haraka. Zamani bibi harusi anawekwa ndani wiki nzima, anapakwa, anasingwa, hana presha. Leo anatoka kazini Ijumaa, Jumamosi anaolewa, mnataka hina ifanye miujiza. Mtieni jiko la mkaa chumbani, afunge mlango, apate joto, hina itakolea.

Dada Njombe
Mzee, jiko la mkaa na mlango umefungwa? Huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala nalo na hawakuamka. Joto sawa, ila jiko libaki nje.

Mama Karafuu
Asante Dada Njombe, umeniwahi. Binti, huyo uliyempaka mkono wa kwenye picha anaendeleaje?

Binti wa Uyole
Anaendelea vizuri.

Mama Karafuu
Mkono nauliza.

Binti wa Uyole
Ulimwasha kidogo. Baadaye ukatoa malengelenge, yamefuata maua vile vile nilivyochora, hata jani dogo pembeni ya kidole gumba linaonekana. Lakini alikuwa amefua kwa sabuni ya unga siku hiyo, nahisi ni sabuni. Nilimpaka Jumapili iliyopita, Jumanne ndiyo yakatoka. Duka la dawa walimpa krimu.

Mkaguzi
Hii ni chai, wakuu. Mimi nilipaka piko kwenye harusi ya binamu yangu Makambako, nilikaa zaidi ya wiki ndipo mkono ukaanza kuwasha. Huyu anasema Jumapili hadi Jumanne. Na malengelenge yamechora jani! Subirini, kesho ataingia mtu na hina "isiyodhuru" na namba ya simu. Nishaziona nyuzi za hivi.

Fundi Mwanjelwa
😂 Chai yenyewe haina hata tangawizi. Leta picha ya mkono.

Binti wa Uyole
Siuzi chochote! Picha ya mkono wa mtu mgonjwa siwezi kuweka humu, ni rafiki yangu.

Mama Karafuu
Mkaguzi, la jani siyo ajabu, malengelenge yanatoka pale pale dawa ilipogusa. Hiyo ndiyo inanionyesha kwamba siyo sabuni. Sabuni ingeshika mkono mzima, haijui kuchora.

Hilo la siku ndiyo umegusa penyewe. Mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana na hiyo kemikali, kwenye kopo huandikwa PPD, huchukua wiki na zaidi kuonyesha, kama wewe. Mwili unakuwa ndiyo kwanza unaijua adui. Akikutana nayo tena haisubiri, siku moja mpaka tatu. Kwa hiyo Jumapili hadi Jumanne inawezekana kabisa, ila ina maana huyo dada siyo mara yake ya kwanza. Binti, aliwahi kupaka piko?

Binti wa Uyole
Idi iliyopita tulipaka wote nyumbani kwao. Mimi, yeye na dada yake.

Mkaguzi
Dada yake ni nani kwenye hadithi hii?

Binti wa Uyole
Ndiye bibi harusi.

Dada Njombe
Weeee.

Mama Karafuu
Na yeye Idi ile ilimfanyaje? Sema ukweli, hakuna anayekucheka.

Binti wa Uyole
Aliwashwa tu, vipele vidogo kwenye mgongo wa mkono, vikaisha. Ni baridi, ngozi ilikuwa imekauka. Yeye mwenyewe anasema nimpake, hana shida. Nilifikiri nipunguze kijiko kiwe nusu.

Mama Karafuu
Nusu haisaidii. Mwili ukishaikataa, kiasi kidogo kinatosha, na hali hiyo kwa kawaida haiondoki maisha yote. Ukimpaka Alhamisi, Jumamosi anaingia ukumbini mikono imevimba, pete haipiti.

Fundi, sasa narudi kwako. Masaa mawili nyuma ya sikio hayaonyeshi kitu, maana umesikia inachukua siku. Na huyo unayemjaribu ambaye alikuwa mzima, kule kumjaribu kwenyewe kunaweza kuwa ndiyo kumwanzishia. Piko haina kipimo cha nyumbani. Mbaya zaidi ni hawa marafiki wa mazoezi, unampaka yule yule mara kwa mara mpaka mwili unachoka kuvumilia.

Unachoweza kufanya Jumamosi bado ipo ni hiki. Kesho jioni, Jumanne, changanya. Gramu 100 za unga wa hina wa kuchorea, siyo wa nywele, huo huwa na vijiti vinaziba koni. Uwe wa kijani na unanuka majani makavu. Ukiwa mweusi kabla hujatia maji, kuna kitu kimewekwa. Uchuje kwa soksi ndefu ya kike. Tia maji ya limau mpaka uwe kama uji mzito, sukari vijiko viwili ili isipasuke ikikauka, na mafuta ya lavenda mililita 20 hadi 30, yawe mafuta halisi, siyo manukato. Funika na nailoni iguse hina yenyewe.

Hapo ndipo baridi yenu inakuibia. Kwetu Tanga hina ya jioni asubuhi iko tayari. Uyole msimu huu bakuli likikaa juu ya sakafu ya saruji, saa 12 hazitoshi, nadhani ndiyo maana ya chungwa lako. Liviringishe blanketi, liweke jikoni. Jumatano weka tone kiganjani dakika tano, futa. Likiacha alama ya chungwa iliyochangamka, rangi imetoka, jaza koni.

Jumatano jioni mchore. Ikishika, gusa kwa pamba yenye limau na sukari, zungushia kitambaa, avae soksi mikononi na miguuni, alale. Alhamisi asubuhi akwangue kikavu, apake mafuta ya nazi, asiguse maji siku nzima, vyombo aoshe mtu mwingine. Itakuwa chungwa. Usitishike wala usiongeze kitu. Inaiva taratibu kama siku mbili, Jumamosi asubuhi utakuta kahawia. Kiwikoni itabaki hafifu, mwambie mapema.

Fundi Mwanjelwa
Mama, la sikio nimekubali. Ila hina ya nazi na lavenda bei yake umepiga?

Sauti ya Kyela
Ndiyo maana nilianza na bei.

Binti wa Uyole
Mama Karafuu nimekusoma mara mbili. Lakini yeye kachagua picha nyeusi, na nyingine nyeusi sina. Nikimwambia kahawia ataenda kwa mpambaji wa Kabwe, na huyo atampaka piko bila kumuuliza. Si bora nimpake mimi?

Dada Njombe
Hapana dada. Mwonyeshe mkono wa mdogo wake, yuko nyumba hiyo hiyo. Aamue akiuona.

Mama Karafuu
Na hiyo picha itoe stetasi, au iandike ni piko. Weusi akiuhitaji kwa ajili ya kamera, mchoree juu ya hina kwa wanja wa maji siku yenyewe, vidoleni tu, usiku unanawika. Kitu kimoja zaidi: nywele zake anatia rangi?

Binti wa Uyole
Ijumaa saluni. Nyeusi.

Mama Karafuu
Hiyo mara nyingi huwa na kemikali ile ile, na inakwenda kichwani na usoni, pale pale unapotaka kumpaka mekapu Jumamosi. Mpigie simu sasa hivi. Mwambie kuhusu saluni kwanza, hina baadaye.

Binti wa Uyole
Nampigia, haipokelewi. Nitamfuata kwao asubuhi. Mdogo wake anasema mama yao hajui kabisa habari za mkono, wamemficha.

Mkaguzi
Basi mimi nafuta neno chai. Ila mrejesho Jumapili, bila hivyo nairudisha.

Bwana Harusi Mtarajiwa Tukuyu
Samahani kwa kuchelewa, nimesoma uzi wote. Huyo Mama Karafuu, Tukuyu unafika? Na wewe kaka wa Kyela, mkeo anatoza ngapi?