Mwongozo wa kusahihisha watia akiba kwenye M1, na wanafunzi ndio walipao

Mwalimu_Kisauni:
Jamani, kuna mtihani wa majaribio wa uchumi unaozunguka hapa Mombasa, na mwongozo wake wa kusahihisha unawaharibia watoto. Chuo kilichoutunga sikitaji. Hasira yangu iko kwenye swali la ugavi wa fedha, la alama 10, ambapo aliyejibu sawasawa ndiye aliyekatwa.

Takwimu zenyewe ni hizi, kwa mabilioni ya shilingi. Noti na sarafu zote zilizotolewa na Benki Kuu ni 320, na kati yake 70 zimelala kwenye makasha ya benki. Amana za akaunti za karenti ni 900, ndani yake mna 120 za serikali kuu. Amana za akiba ni 450, za muda maalum 650, za fedha za kigeni za wakazi wa nchini 300. Hati za Hazina mikononi mwa watu na kampuni zisizo benki ni 500. Swali lasema: "Kwa kutumia vipimo vya Kenya, kokotoa M1, M2 na M3."

M1 ndicho kipimo chembamba, cha fedha taslimu mikononi mwa umma na amana za karenti; M2 na M3 huongeza amana nyingine juu yake. Mwongozo waandika M1 = 320 + 900 + 450 = 1,670. Makosa matatu kwenye mstari mmoja!

La kwanza ni zile 70. Pesa iliyo kwenye kasha la benki haiko mikononi mwa umma. Mtu akipeleka noti ya 1,000 kaunta na kuiweka kwenye karenti yake, noti yaingia kashani na salio lake lapanda kwa 1,000. Ukihesabu noti na salio vyote viwili, umeihesabu pesa hiyo hiyo mara mbili. Kwa hiyo fedha taslimu ni 320 − 70 = 250.

La pili ni zile 120. Kipimo hiki chatafuta uwezo wa kununua ulio kwa wananchi na kampuni. Amana za serikali kuu huachwa nje ya hesabu, hata kama zimewekwa kwenye karenti ya benki ya kawaida na zaweza kuandikiwa hundi. Zabaki 780.

La tatu ndilo baya zaidi: akiba. Kwa vipimo vya Benki Kuu ya Kenya, akiba na amana za muda huingia M2. Basi M1 ni 250 + 780 = 1,030. M2 ni 1,030 + 450 + 650 = 2,130. M3 yaongeza zile za kigeni 300, yawa 2,430. Hati za Hazina haziingii hata moja kati ya hizi tatu; huja kwenye kipimo cha juu zaidi kiitwacho L, nacho hakikuulizwa.

Toa 1,030 kwenye 1,670, wapata 640, yaani 70 + 120 + 450 kamili. Kila shilingi ya kosa yaonekana ilikotoka. Mwanafunzi aliyeandika 1,030 na kuonyesha hatua zote amepewa 2 kati ya 10.

Shekhe_Hesabu:
Mwalimu, pole, lakini kwa akiba nawe usikaze sana. Siku hizi akiba ni M1. Marekani walibadilisha tangu 2020, na vitabu vipya vyote vyasema hivyo. Mtunzi huenda alisoma kitabu kipya.

Mwalimu_Kisauni:
Ndugu yangu, hilo la Marekani ni kweli, ila nusu yake umeiacha. Kule palikuwa na sheria iliyomzuia mwenye akiba kufanya aina fulani za uhamisho zaidi ya mara sita kwa mwezi. Aprili 2020 Benki Kuu yao ikaiondoa. Kizuizi kikiondoka, akiba yafanya kazi kama karenti, na tangu takwimu za Mei 2020 wakaihamishia M1. M1 yao ikaruka juu ghafla, ilhali M2 haikuguswa na uhamisho huo, maana akiba ilikuwa ndani ya M2 tangu mwanzo. Huo ni uamuzi wa Marekani kuhusu takwimu za Marekani. Swali hili limeandika "vipimo vya Kenya" wazi wazi. Na hata ukikubali akiba iingie M1, yabaki 70 na 120 bila utetezi wowote.

Bint_Likoni:
Mimi sielewi jambo moja. Akaunti yangu ya akiba ina kadi, natoa pesa saa yoyote hapo feri. Sasa si hiyo ni sawa na karenti? Na ya M-Pesa mbona haimo kwenye swali?

Mwalimu_Kisauni:
Dada, hoja yako ya kadi ina uzito, na ndiyo hiyo iliyowasukuma Wamarekani. Lakini mtihani haupangi amana kwa kadi. Hupanga kwa aina ya akaunti, kwa sarafu, na kwa mwenye amana. Ya M-Pesa, shilingi zinazolingana na salio za wateja huwekwa kwenye akaunti za amana benki. Zimo tayari kwenye amana. Ukiziongeza pembeni umerudi kwenye kosa la kuhesabu mara mbili.

Wakala_Kilindini:
Ofisi yetu ya kupitisha mizigo hapa bandarini ina akaunti ya karenti ya dola. Ni karenti, hundi twaandika. Basi si M1?

Hawa_Takwimu:
Hapana, bwana. Sarafu hutazamwa kabla ya aina ya akaunti. Ofisi yenu ni mkazi wa Kenya, na amana ni ya dola, kwa hiyo ni M3, iwe karenti au ya muda. Kampuni ya meli ya nje isiyo mkazi ikiwa na dola zake benki hapa, hizo haziingii hata M3.

Mimi nawapa wanafunzi kipimo cha kuhamisha pesa. Mtu atoe 100 kwenye karenti aziweke muda maalum: M1 yashuka 100, M2 haitikisiki. Atoe 100 za akiba anunue dola aziweke benki hiyo hiyo, na benki imuuzie kutoka kwenye dola zake yenyewe: M2 yashuka, M3 yabaki palepale kwa thamani ya shilingi. Anayejibu hayo mawili bila kusita ameelewa. Anayekariri orodha hukwama hapo.

Ila Mwalimu, kuna jambo uliloliruka. M0 katika vipimo vyetu ni fedha taslimu nje ya benki tu, hizo 250. Lakini vitabu vingine huita M0 fedha msingi, pamoja na zilizo kashani na pesa ambazo benki zenyewe zimeziweka Benki Kuu. Huenda mtunzi aliichukua 320 kutoka huko akaipandisha hadi M1.

Mwalimu_Kisauni:
Yawezekana, na hiyo yaeleza 70. Haiihalalishi. Fedha msingi haijumlishwi na amana kupata M1.

Shekhe_Hesabu:
La 70 na la 120 nakubali. La akiba bado nasema: swali lisipotaja nchi, jibu lolote kati ya mawili lipewe alama, mradi mwanafunzi ameandika ametumia vipimo vya wapi.

Hawa_Takwimu:
Lisipotaja nchi, mimi ningelifuta swali zima. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapaswi kumfanyia mtunzi kazi yake.

Mwalimu_Kisauni:
Hilo tutabishana siku nyingine. Hili limetaja. Nataka karatasi zirudishwe, wenye 1,030 wapewe alama zao, na mwongozo utolewe upya kabla haujanakiliwa na shule nyingine.