HbA1c, glukomita au fruktosamini: kipi cha kuamini kwa mgonjwa wa kisukari aliyeongezewa damu?

Binti wa Mbagala
Habari za jioni, wanajukwaa. Mama yangu ana miaka 47 na ana kisukari cha ukubwani, anatumia vidonge. Amekuwa akitokwa na damu nyingi za hedhi kwa sababu ya uvimbe kwenye kizazi, hadi mwezi uliopita wingi wa damu ukashuka kufikia 6.1, akalazwa na kuongezewa chupa mbili. Tangu hapo anameza vidonge vya madini ya chuma, na sasa damu imefika 9.8.

Kabla ya kulazwa, HbA1c yake, yaani kile kipimo cha sukari ya miezi iliyopita, ilikuwa asilimia 8.9. Juzi, wiki ya sita tangu aongezewe damu, imepimwa tena na kutoka 6.3. Kliniki moja hapa mjini imempongeza na kutaka kupunguza dawa zake za sukari kwa nusu. Lakini mimi ndiye ninayempima nyumbani kwa glukomita, na daftari langu halionyeshi furaha hiyo. Asubuhi kabla ya kula nimepata 8.6, 9.4 na 10.2, saa mbili baada ya mlo nimepata 12.5, 13.8 na 12.0. Nimeambiwa pia kuna kipimo kiitwacho fruktosamini. Kati ya hivi vitatu, tukitegemee kipi katika uamuzi wa dawa?

Mzee Kigamboni
Binti, mimi HbA1c yangu ilikuwa 7.0 mwaka huu na nilikuwa nimekunywa chai na maandazi kabla ya kutolewa damu. Je, huenda mama yako alikwenda na njaa na ndiyo maana namba ikashuka?

Fundi Maabara
Shikamoo mzee. Hapana, kula au kutokula siku ile hakubadilishi HbA1c, na ndiyo sababu watu wanaipenda. Sukari iliyomo kwenye damu hujishikiza kwenye hemoglobini ndani ya chembe nyekundu bila kuhitaji kimeng'enya chochote, na ikishajishikiza kwa uthabiti haibanduki mpaka chembe yenyewe ife. Chembe huishi takriban siku 120, kwa hiyo damu ya mtu wakati wowote ina chembe changa, za makamo na zee zilizochanganyika. Namba tunayosoma ni sehemu ya hemoglobini ya mchanganyiko huo wote iliyokwisha kushikwa na sukari. Watu husema ni wastani wa miezi mitatu, lakini miezi hiyo haina uzito sawa: mwezi wa mwisho peke yake huchangia karibu nusu ya jibu, na miezi iliyotangulia hugawana iliyobaki.

Sasa, dada wa Mbagala, hesabu hiyo yote inadai jambo moja, kwamba chembe za mgonjwa ziwe zimeishi umri wa kawaida ndani ya mwili wake mwenyewe. Kwa mama hilo halipo. Kwanza, chembe zake zee amezipoteza kwa kutokwa damu. Pili, amepewa chembe za mtu mwingine, ambaye kwa kawaida hana kisukari. Tatu, madini ya chuma yameamsha uboho, nao umemwaga chembe mpya ambazo hazijakaa na sukari hata mwezi mmoja na nusu. Ni sawa na kukadiria umri wa wastani wa abiria wa daladala mara tu baada ya kupakia wanafunzi wa shule ya msingi: wastani umeshuka, na hakuna mzee hata mmoja aliyerudi ujanani.

Kaka Temeke
Hili ni jambo linalofahamika. Upungufu wa damu hushusha HbA1c. Ndugu yangu aliambiwa aongeze 1.5 juu ya jibu, basi. Kwa hiyo mama yako ana 7.8 na mjadala umekwisha.

Fundi Maabara
Kaka, nusu ya uliyosema ni kweli, na nusu nyingine inaweza kumdhuru mtu. Upungufu wa damu unaotokana na chembe kuvunjika mapema, kwa mfano baada ya malaria kali, au unaotokana na kupoteza damu nyingi kwa muda mfupi, hushusha namba kwa sababu chembe hazidumu. Upungufu wa damu utokanao na ukosefu wa madini ya chuma kabla ya kutibiwa huenda upande wa pili: uboho hutoa chembe mpya chache, zilizopo huzeeka, na HbA1c huweza kupanda bila sukari kupanda. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kusomeka juu mwezi huu na chini mwezi ujao, na sukari yake isiwe imesogea. Ndiyo maana hakuna namba moja ya kuongeza au kutoa. Shirika la Afya Duniani lilipokubali mwaka 2011 kwamba asilimia 6.5 itumike kutambua kisukari, liliweka sharti kwamba mtu asiwe na hali inayozuia kipimo kusomeka kwa usahihi.

Turudi kwenye namba za mama. Kuna kanuni inayogeuza HbA1c kuwa wastani wa sukari kwa vipimo tunavyovitumia hapa:

```
wastani (mmol/L) = 1.59 × HbA1c − 2.59
```

Kwa 6.3 tunapata takriban 7.4. Wastani wa namba zako sita ni takriban 11.1. Pengo hilo ni kubwa mno kusingiziwa ugali wa siku moja, na hata sukari yake ya asubuhi iliyo ya chini kuliko zote, ile 8.6, inaupita wastani ambao HbA1c inaudai. Mtu hawezi kuwa na wastani wa 7.4 ilhali haonekani kamwe chini ya 8.

Muuguzi Ilala
Nakubaliana na Fundi kuhusu HbA1c, ila naomba tusiikimbilie glukomita kama hakimu asiye na kasoro. Damu ikiwa pungufu, vijiti vingi vya kupimia husoma sukari juu kuliko ilivyo, kwa kuwa chembe ni chache na maji ya damu yanayofika kwenye kijiti ni mengi. Fungua karatasi iliyokunjwa ndani ya kopo la vijiti, utafute palipoandikwa hematokriti, yaani asilimia ya damu iliyo chembe nyekundu. Vingi vinakubali kuanzia takriban 30. Mwenye damu 9.8 kwa kawaida yuko karibu na 29, yaani ukingoni kabisa. Dada, nenda naye maabara asubuhi akiwa hajala, mpime kwa mashine yako dakika ileile anapotolewa damu ya mshipani, kisha ulinganishe.

Na uchague maabara inayopimia palepale. Damu ikikaa kwenye chupa bila kutenganishwa, chembe huendelea kula sukari na jibu hushuka saa baada ya saa, hasa kwa joto letu hili. Omba chupa yenye kifuniko cha kijivu, usikubali sampuli isubiri pikipiki hadi mchana.

Mama Selimundu
Samahani kwa kuingilia. Mwanangu ana selimundu na kuna kliniki imempima HbA1c, ikatoka 4.1. Nifurahi?

Fundi Maabara
Hapana, mama, jibu hilo liweke pembeni. Mwenye selimundu aliyerithi kwa wazazi wote wawili hana ile hemoglobini ya kawaida ambayo kipimo kinaitafuta, na chembe zake huvunjika mapema sana. Baadhi ya mashine hutoa namba hata hivyo, lakini haina maana. Kama kuna shaka ya kisukari, apimwe sukari yenyewe. Mwenye vinasaba vya selimundu upande mmoja tu ni habari nyingine. Kwake hutegemea aina ya mashine, na ana haki ya kuiuliza maabara.

Kaka Temeke
Sawa, la kuongeza 1.5 nimeliacha. Lakini kwa nini tusimalize ubishi kwa fruktosamini? Haihusiani na chembe nyekundu hata kidogo.

Muuguzi Ilala
Ni kweli haihusiani nazo, maana hupima sukari iliyojishikiza kwenye protini za majimaji ya damu, na hueleza wiki mbili hadi tatu tu zilizopita. Kwa mama huyu ingefaa. Lakini ukiwa na protini pungufu, au figo zinapoivujisha kwenye mkojo, nayo hushuka kwa uongo, na wagonjwa wa kisukari wenye figo za namna hiyo si wachache. Tena si kila maabara ya Dar es Salaam inayoifanya, hivyo uliza kabla ya kupanda gari. Binafsi ningelipia kwanza kipimo cha mkojo na sukari ya mshipani.

Fundi Maabara
Hapo mimi na Muuguzi tunatofautiana kidogo. Ningeifanya fruktosamini ikipatikana, kwa sababu sukari ya mshipani ni picha ya dakika moja, na uamuzi wa dawa unahitaji wiki kadhaa. Bali nakiri kwamba daktari wengi hawana uzoefu wa kuisoma, na karatasi isiyosomeka haimsaidii mgonjwa.

Binti wa Mbagala
Ahsanteni. Jana asubuhi tumekwenda. Kidoleni mashine yangu imesoma 9.6, damu ya mshipani iliyopimwa palepale imesoma 8.7. Mkojo hauna protini. Fruktosamini haikupatikana pale.

Muuguzi Ilala
Basi mashine yako inazidisha kwa karibu sehemu moja ya kumi. Ukishusha wastani wako wa 11.1 kwa kiasi hicho unabaki na takriban 10. Bado ni mbali na 7.4, na 8.7 ya mshipani bila kula iko juu ya 7.0, mstari tunaotumia hata kutambua kisukari. Ni jozi moja tu ya vipimo, kwa hiyo irudie baada ya wiki mbili, maana damu ikipanda makosa ya kijiti nayo yatapungua.

Binti wa Mbagala
Nimempelekea daktari daftari pamoja na karatasi hizo mbili, na tarehe ya kuongezewa damu nimeiandika kwa kalamu nyekundu juu ya jibu la HbA1c. Amerudisha dawa kama zilivyokuwa na ameagiza HbA1c isirudiwe kabla ya miezi mitatu tangu aongezewe damu. Yamebaki maswali mawili. Daktari wa upasuaji wa uvimbe anataka HbA1c mpya kabla ya kupanga siku. Na ile 8.9 ya mwanzo, alipokuwa na damu 6.1, ilikuwa ya kweli?

Fundi Maabara
La 8.9 haliwezi kuamuliwa tena. Chuma ilikuwa imepungua, jambo linaloivuta juu, na damu ilikuwa ikitoka, jambo linaloivuta chini. Kipi kilishinda, hakuna atakayekuambia bila vipimo vya sukari vya miezi ile. Kwa daktari wa upasuaji, mpelekee sukari za asubuhi na za baada ya mlo za wiki mbili, na umwambie wazi kwamba mgonjwa aliongezewa damu. Akisisitiza HbA1c, ifanyike, ila karatasi iandikwe tarehe hiyo juu yake.

Mzee Kigamboni
Nami ninachangia damu kila mwaka. Je, 7.0 yangu ni ya kuaminika?