Mzee ana sirosisi, choo kimekuwa cheusi tangu jana. Tusubiri kliniki ya Jumatatu?

Kijana wa Sengerema: Wakuu, mzee wangu ana miaka 58. Ana homa ya ini B, ini limeshasinyaa na tumbo limejaa maji. Tangu jana amepata choo cheusi mara tatu. Hajatapika, haumwi popote, anasema ni vidonge vya kuongeza damu. Wiki hii alikuwa pia anameza diklofenaki ya mgongo.

Fundi Bomba: Vidonge vya damu vinatia weusi kweli. Wife alipokuwa mjamzito alinitoa jasho hivyohivyo. Aviache siku mbili muone.

Nesi Mstaafu: Kwa mjamzito sawa, kwa huyu siku mbili ni nyingi. Mleta uzi, choo kinanata? Harufu je? Akisimama anayumba?

Kijana wa Sengerema: Kinanata kama lami, harufu imejaa nyumba nzima. Asubuhi nusura aanguke chooni.

Nesi Mstaafu: Hiyo ni damu, baba. Choo cha vidonge hakinati wala hakinuki hivyo. Ini likisinyaa, damu inayotoka utumboni inakosa pa kupita, inatunisha mishipa ya umio na tumbo. Mshipa ukipasuka, mwingine anatapika damu, mwingine yote inashuka chini na kutoka nyeusi. Kutoumwa kusiwadanganye, hupasuka bila maumivu. Diklofenaki iishie hapo. Anzeni hospitali ya karibu usiku huu awekewe dripu, kisha wampe rufaa penye kamera ya kuingiza mdomoni kuangalia umio na tumbo. Siku hizi daraja la Kigongo lipo, hakuna kungoja kivuko. Nendeni na ndugu wa kuchangia damu, na mlangoni tajeni sirosisi, maana antibayotiki huanza kabla ya kamera. Asile kitu. Akitapika, alale ubavu.

Mama Zuwena: Mume wangu naye tumbo hivyohivyo. Msikubali atobolewe, maji yakitolewa yanarudi maradufu!

Nesi Mstaafu: Dada, yanarudi kwa sababu ini ni lilelile, si kwa sababu ya sindano. Mumeo ana homa, au tumbo linamuuma?

Mama Zuwena: Homa tangu juzi.

Nesi Mstaafu: Basi na wewe usilale. Maji hayo huingia bakteria bila kidonda chochote, na hayajulikani mpaka yavutwe kidogo yapimwe.

Kijana wa Sengerema: Mrejesho. Tulifika, damu ilikuwa 6, mapigo 120. Kamera imekuta mishipa mitatu, imefungwa kwa vimpira. Ila tangu jana mzee anaongea vitu visivyoeleweka, mchana analala, usiku macho. Shangazi anasema karogwa.

Fundi Bomba: Pole mkuu. Ningekuponza.

Nesi Mstaafu: Damu iliyobaki utumboni inazalisha sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja, imepanda kichwani. Wamempa laktulosi ya kuitoa kwa choo?

Kijana wa Sengerema: Sharubati tamu hivi? Ndiyo, ila inamharisha, shangazi kaificha.

Nesi Mstaafu: Mrudishieni sasa hivi! Inatakiwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Tarehe ya kurudia kamera mmepewa?

Kijana wa Sengerema: Bado. Naenda kuuliza.