Tumekosea kuacha kuta nene? Nyumba za tofali usiku hazilaliki

Kaskazi Kali
Jamani, nauliza kwa dhati. Tunajenga kwa tofali za inchi 6 na bati, ikifika kaskazi usiku hatulali. Mji Mkongwe wazee walijenga kuta za dhiraa nzima na ndani kunakaa baridi. Tumekosea kuacha kuta nene? Na zikijengwa nyumba za wananchi, turudi huko?

Mkunazini
Tumekosea, wala hapana cha kujadili. Mie nimezaliwa nyumba ya mawe. Ukitoka Darajani saa 8 mchana ukaingia ukumbini kwetu, jasho linakauka kabla hujavua viatu. Mawe yanatoa baridi, ndiyo tabia yake. Nyie mliokwenda mashamba mkajijengea vibanda vya tofali ndio mnaohangaika.

Tofali Sita
Vibanda? Miaka 18 nafyatua na kujenga tofali, nimesomesha watoto kwa tofali hizo, na watu wanaishi ndani yake na heshima zao. Dada, hayo mawe unayojivunia si ndiyo yaliyoshuka pale Forodhani? Beit el-Ajaib ilikuwa na kuta nene kuliko nyumba yenu, ikaanguka mchana watu wanatazama. Tofali zangu hazijamwangukia mtu.

Mkunazini
Ile ilikuwa tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili walipoteza maisha pale. Usiifanye fimbo ya kunichapia. Jumba limesimama tangu 1883, tofali zako zitafika huko? Tena iliyoanguka ni sehemu ya jumba, si jumba zima.

Bi Mkubwa wa Michenzani
Mie nakaa orofa ya juu kabisa. Juu yangu ni zege tupu, hapana bati. Mchana panavumilika. Ikishaswaliwa magharibi dari inaanza kuniteremshia moto kichwani mpaka saa 5 usiku. Nimeambiwa ninunue kiyoyozi. Wanangu, kiyoyozi kinakula umeme wa kiasi gani kwa mwezi? Mwenye nacho anambie.

Fundi Chokaa
Bi Mkubwa, shikamoo. Kiyoyozi sikijui, lakini ulichokieleza ndicho hasa anachouliza mwenye swali, na nyote mmekipita mkaenda Forodhani.

Mawe hayatoi baridi, Mkunazini. Yanachelewesha joto. Chukua chumba chenye ukuta unaotazama magharibi. Jua linaanza kuupiga kwa nguvu kwenye saa 8, na uso wa nje unakuwa na moto mkali kama saa 10 jioni. Joto lile linatambaa ndani ya ukuta pole pole. Kwa ukuta mzito usio na tundu, uwe wa mawe au wa saruji, mie nahesabu kama saa tatu kwa kila inchi 4. Tofali ya inchi 6 basi ni saa nne na nusu. Saa 10 jioni ongeza nne na nusu, unapata saa 2 na nusu usiku. Ndiyo saa mnayotandika kitanda, na ukuta wa kichwani ndiyo kwanza unafikia kilele chake kwa upande wa ndani. Dari ya Bi Mkubwa ni kisa hicho hicho, ila yenyewe inapigwa na jua tangu asubuhi, ndiyo maana inaanza mapema na inachukua muda kumaliza.

Sasa ukuta wa mawe wa inchi 20. Kwa hesabu ile ile joto la saa 10 jioni linafika ndani karibu na saa 1 asubuhi, na likifika limeshakufa. Inchi 6 inapitisha kama theluthi moja ya lile pandashuka la joto la nje. Inchi 20 haipitishi kitu cha kuhisi. Uso wa ndani unabaki kwenye wastani wa mchana na usiku, basi.

Hapo kwenye wastani ndipo penye kasoro yetu. Februari mchana ni nyuzi 32 au 33, na usiku inashuka mpaka 25 hivi. Wastani wake ni kama 28 au 29. Mtu aliyetoka juani akiingia anaona baridi, kweli. Lakini hapana ukuta wa Unguja utakaokupa 22 mwezi wa Februari, kwa sababu hata usiku wenyewe hauna 22 ya kuupa ukuta. Sana'a kule Yemen wako juu milimani, usiku wao unashuka sana, ukuta mnene unavuna baridi ya kweli. Sisi tuko baharini.

Wete Juu
Ahsante fundi. Basi na kiambaza chetu nacho kisemwe. Nyumba ya babu yangu ilikuwa fito, udongo mwekundu, ikatomewa mawe madogo, juu makuti. Ukuta haufiki shibiri. Mchana hakuna tofauti kubwa na nje, ila makuti hayaruhusu jua kupita. Na usiku? Ikishaswaliwa isha tu nyumba imeshapoa, kwa sababu hapana kitu kizito cha kukaa na joto. Watu wa Unguja mkisikia udongo mnasema umasikini.

Mkunazini
Nani kasema umasikini? Mimi nimesema tofali.

Tofali Sita
Umesema vibanda, na wote tumesoma.

Wete Juu
Miaka yote tunaambiwa Pemba tuko nyuma. Leo fundi wa mjini anaeleza kwamba nyumba ya usiku inataka wepesi, na hapana hata mmoja aliyesema "Wapemba walikuwa wanajua".

Fundi Chokaa
Walikuwa wanajua, nakubali bila ya kusukumwa. Na watu wa mjini nao walijua. Nyumba za mawe mchana walikaa chini, kwenye ukumbi, na usiku waliojaaliwa nafasi walipanda juu, vyumba vya madirisha mengi, au wakatandika juu ya sakafu ya paa. Hawakulazimisha chumba kimoja kifanye kazi zote mbili.

Ila Wete, kiambaza kina upungufu wake. Kikitazama magharibi bila ya kivuli kinakuwa kama tofali za Sita.

Kaskazi Kali
Kwa hiyo mawe kwetu hayafai? Maana kwa shangazi yangu Shangani chumba ni cha mawe matupu na usiku fukuto haliwezekani. Nilidhani ni mie tu.

Fundi Chokaa
Shangazi anafunga madirisha usiku?

Kaskazi Kali
Anafunga. Mbu, na siku hizi wezi wanapita juu ya mapaa.

Fundi Chokaa
Basi ndiyo hayo. Ukuta wa inchi 20 hautumiki wote kwa siku moja. Kinachobeba joto la chumba mchana na kulirudisha usiku ni kama inchi 4 za upande wa ndani, nyuma yake kumetulia. Mchana zile inchi 4 zinanyonya joto la watu, la jiko, la upepo wa nje. Usiku lazima upepo upite uzisuuze. Usiposuuza, kesho zinaanza zikiwa na deni la jana, na keshokutwa la juzi. Baada ya wiki ya kaskazi chumba kile kina joto kuliko ua wake, na mawe hayana kosa lolote.

Jinsi ya kujua ni nyepesi. Aamke alfajiri, aweke kiganja ukutani, kisha atoke barazani. Ukuta ukiwa vuguvugu na nje kumepoa, usiku haukufanya kazi. Atie nyavu na nondo, afungue dirisha la chini upande wa upepo na tundu la juu upande wa pili, tangu saa 3 usiku mpaka jua lichomoze. Kule juu ya milango ya zamani mlikuwa na matundu ya nakshi. Wengi wameyaziba kwa mbao.

Tofali Sita
Na mchana afunge?

Fundi Chokaa
Kwa ukuta mnene, ndiyo. Kuanzia saa 3 asubuhi afunge upande wa jua.

Mkunazini
Hapo sikubali, fundi wangu, na nakuheshimu. Kaskazi ina unyevu. Ukifunga, jasho halikauki hata kama chumba kina nyuzi mbili pungufu. Mama yangu hakufunga mchana, alishusha vibao vya dirisha tu, upepo unapita jua halipiti. Nyuzi mbili bila ya upepo nifanyie nini?

Fundi Chokaa
Kwa mtu aliyekaa chumbani, una haki. Chumba kisicho na mtu mchana ndicho nakifunga. Lakini wako wenzangu kazini ambao hawakubali hata hilo, na tumebishana sana.

Tofali Sita
Sasa nijibiwe na mie. Hizo nyumba za mawe zote zina ukungu. Nimeitwa mara tatu kupiga lipu ya saruji nyumba za Malindi, mwaka haujaisha lipu imevimba na kudondoka. Mawe yenyewe ni mabovu.

Fundi Chokaa
Sita, mwanangu, hapo ndipo unaponiumiza. Wewe ndiye uliyeyatia ugonjwa. Mawe yale na chokaa yake vinanyonya maji na kuyatoa hewani. Ukiyavalisha saruji, maji ya masika yanayopanda kutoka msingini hayana pa kutokea, yanakaa. Yatazame kuanzia gotini kwenda juu: chumvi nyeupe, rangi inabanduka, ukigonga kwa kifundo cha kidole panalia kama debe tupu. Na hili linahusu joto pia. Ukuta uliolowa unapitisha joto haraka kuliko mkavu, na unyevu wake unaujaza chumba. Toa saruji, acha ukuta ukauke msimu mzima, kisha lipu ya chokaa na mchanga.

Tofali Sita
Nilifanya nilichoambiwa na mwenye nyumba. Alitaka saruji, alisema chokaa ni kazi ya zamani. Ila ile ya debe nimeisikia kwa masikio yangu, na nilikuwa sijui sababu.

Bi Mkubwa wa Michenzani
Bado sijajibiwa umeme.

Kaskazi Kali
Jana usiku nilijaribu kwangu Fuoni. Saa 3 nimeweka kiganja ukuta wa magharibi, ni kama nimegusa birika lililoteremshwa zamani kidogo. Ukuta wa mashariki, tofali zile zile, mchanga ule ule, umepoa. Kwa hiyo sihitaji mawe ya inchi 20, nahitaji jua lisiufikie ule mmoja? Nikitoa upenu wa bati futi 3 itatosha?

Fundi Chokaa
Upenu hautoshi magharibi. Saa 11 jua limeshainama, linaingia chini ya upenu na kuupiga ukuta usoni. Unataka kitu kilichosimama. Tia chanja ya fito futi mbili mbali na ukuta, upandishe mapesheni, na uache upepo upite katikati. Mapesheni yakichelewa, funga makuti kwenye fito hizo. Na ukuta upake chokaa nyeupe kila mwaka kabla ya kaskazi.

Wete Juu
Fito na makuti. Haya.

Tofali Sita
Kaskazi Kali, chanja nitakujengea mimi. Nambie ukuta una urefu gani.