Mrejesho: viluwiluwi kwenye simtanki la juu ya paa

Niliuliza: "Simtanki langu lina mfuniko unaofunga vizuri, mbona viluwiluwi bado vinatoka bombani?"

Wakuu, asanteni. Aliyesema nikague bomba la kumwagia maji yanapozidi alipatia. Mdomo wake ulikuwa wazi, na mbu walipitia humo. Fundi ameuziba kwa wavu wa plastiki wa madirishani, matundu kama milimita moja, akaukaza kwa klipu ya chuma isiyoshika kutu. Uwazi unaozunguka bomba la kuingizia maji nao umezibwa.

Wavu pekee hautoshi. Mbu wa dengue hutaga ukutani, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hustahimili ukavu kwa miezi; maji yakipanda, yanaanguliwa. Kwa hiyo tulimwaga maji yote, tukasugua kuta kwa brashi ngumu, tukasuuza, ndipo tukafunga. Sasa maji ni safi.

Wavu huo huzibwa na vumbi na majani, na maji yakikosa pa kutokea huinua mfuniko. Ukaguliwe mara kwa mara. Pipa la uani nimelifunika kwa kitambaa kizito kilichokazwa kwa mpira wa baiskeli. Kisilegee katikati, maana mvua ikituama juu yake mbu watataga hapo.